Mpangaji mwema na mkataba unaokwisha: hesabu ya kodi na nani atengeneze nini

Ndugu zangu wenye nyumba, habari za jioni. Leo nataka tulichukue jambo moja tu: mkataba wa mpangaji mwema umebakiza miezi mitatu uishe, na wewe unajiuliza kama umwongezee muda, kwa kodi gani, na nani atengeneze nini. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, nyumba ya vyumba viwili, kodi shilingi 400,000 kwa mwezi, analipa miezi sita kwa mkupuo.

Nimesema miezi mitatu kwa sababu. Anayelipa miezi sita kwa mkupuo anahitaji muda wa kuzikusanya. Ukimwambia wiki mbili kabla kwamba kodi imepanda kwa 30,000, umemdai 180,000 za ziada juu ya milioni mbili na laki nne alizokuwa akijichanga kuzipata. Wengi huhama kwa sababu ya muda waliopewa, wala si kwa sababu ya kodi yenyewe.

Kabla ya kutaja kodi yoyote, omba siku ya kuikagua nyumba. Fungua kabati la chini ya sinki, tazama dari kama lina madoa ya maji, angalia soketi za jikoni kama zimeungua, vuta maji ya choo usikilize kama yanakata. Unaangalia nyumba, lakini unamwangalia na mpangaji pia. Mpangaji mwema kwangu si yule tu anayelipa tarehe yake. Ni yule anayekupigia simu siku bomba linapoanza kudondosha, wakati bado ni kazi ya koki moja. Mwingine hulipa vizuri na kukaa kimya, ukija kufungua kabati unakuta mbao zimeoza na ukuta umevimba. Huyo kodi yake ni pungufu kuliko inavyoonekana.

Sasa kodi. Ulizia nyumba tatu za mtaa wako zilizopata wapangaji hivi karibuni, zenye maji na maegesho kama yako, na uulize kilicholipwa. Bei anayotangaza dalali ni ya kuanzia mazungumzo. Tuseme umegundua nyumba kama yako inapata 450,000. Wengi hapo hapo wanadai 450,000 au uhame. Tufanye hesabu yake.

Akiondoka, nyumba itakaa tupu mwezi mmoja na nusu: wiki mbili za mafundi, mwezi mmoja wa kutafuta mtu. Mwaka wa kwanza utapokea miezi kumi na nusu kwa 450,000, yaani 4,725,000. Toa rangi na ufundi 350,000, na vitasa vipya 60,000. Unabaki na 4,315,000. Huyu uliye naye ukimpandishia hadi 430,000 tu, mwaka mzima atakupa 5,160,000. Tofauti ni 845,000. Hata usipompandishia kitu, 4,800,000 zake bado zinamshinda mgeni.

Mtu ataniambia rangi ingepakwa siku moja hata asipohama. Ni kweli, na hesabu ya haki inaitoa. Tofauti inabaki 495,000. Mgeni anakuzidishia 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka, kwa hiyo atachukua zaidi ya miaka miwili mingine kukurudisha ulipokuwa, na hapo tunachukulia kwamba naye ni mwema.

Hesabu hii ina mpaka wake. Mtaa ukiwa umefika 550,000 na wewe uko 400,000, mgeni anakupita mwaka ule ule wa kwanza hata baada ya gharama zote. Pengo kubwa namna hiyo hutokea pale mwenye nyumba anapokaa miaka mingi bila kupandisha. Usilifunge kwa mkupuo. Andikeni hatua mbili ndani ya mkataba mmoja wa miaka miwili: 470,000 mwaka huu na 510,000 mwakani. Kumbuka kwamba na yeye kuhama kunamgharimu: mwezi mmoja wa dalali, gari la mizigo, na miezi sita mipya mbele. Anajua hesabu yake kama unavyoijua yako, ndiyo maana bei ya katikati huwa inakubalika.

Kuna njia nyingine ambayo haitumiki vya kutosha. Mwambie atalipa 440,000 badala ya 430,000, lakini kwa miezi mitatu mitatu. Kwa mfanyakazi wa mshahara nafuu hiyo ni kubwa, na kwako hatari ni ndogo kwa sababu unamjua. Mgeni usimpe nafasi hiyo.

Kwenye matengenezo ndiko ugomvi mwingi unakozaliwa, hasa kwa sababu ya kile kifungu kisemacho “matengenezo madogo ni ya mpangaji”. Madogo ni yapi? Wekeni kiwango, mathalani 30,000 kwa tukio moja, kifaa pamoja na ufundi. Usipotaja ufundi, mtabishana: boya la tangi la choo ni bei ndogo, fundi bomba ndiye anayelivusha kiwango. Kisha ongezeni sharti kwamba tatizo litolewe taarifa ndani ya siku tatu, la sivyo kuna atakayeliacha likue mpaka liwe la mwenye nyumba.

Vinavyochakaa kwa kutumiwa kila siku, kama taa, koki na vitasa, ni vya mpangaji. Paa, kuta, mabomba yaliyozikwa, nyaya za ndani ya ukuta ni vyako. Bomba likivuja chini ya ardhi baada ya mita ya maji, bili itapanda bila kosa la mpangaji. Namna ya kujua ni kufunga koki zote na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea.

Karo linahitaji kifungu chake. Likijaa kwa matumizi, gari la majitaka ni la mpangaji. Lakini karo lililozoea kunyonywa mara moja kwa mwaka likijaa tena wiki chache baada ya kunyonywa, hasa masika, maji ya ardhini yanaingia au shimo la kunyonyea limeziba. Kumlipisha mpangaji magari matatu kwa msimu mmoja ni kumdhulumu, na atahama.

Liko pia jambo la kodi ya jengo. Inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kodi hiyo ni yako. Andikeni kwamba 18,000 za mwaka zitapunguzwa anapolipa pango.

La mwisho ni fedha ya matengenezo anayoitoa yeye kwa niaba yako. Mikataba mingi husema “itakatwa kwenye kodi”, lakini kodi imeshalipwa miezi sita mbele, kwa hiyo anakukopesha mpaka awamu ijayo. Andika badala yake: akutumie bei ya fundi na picha kwa simu, ukubali kwa ujumbe, na umrudishie ndani ya siku kumi na nne baada ya risiti. Ukitenga 20,000 kutoka katika kila kodi ya mwezi, fedha hiyo itakuwepo.

Yote haya yaingie kwenye mkataba mpya unaoanza siku inayofuata ule wa zamani kwisha, ukitaja kwamba amana yake inahamia humo, pamoja na picha za siku ya ukaguzi zilizosainiwa na nyote wawili. Karibuni kwa maswali.