Arifa Ikinyamaza

Ndugu zangu, tuanze na mkataba mmoja wa opsheni. Hisa iko dola 100. Umemuuzia mtu haki ya kukuuzia hisa hiyo kwa dola 92, muda uliobaki ni siku 45, naye amekulipa dola 1.30 kwa kila hisa. Mkataba una hisa 100, kwa hiyo umepokea dola 130. Delta yake ni 0.20, yaani hisa ikishuka dola 1, opsheni inapanda karibu senti 20, na kupanda huko ni hasara yako.

Mimi nina programu inayoniletea arifa tatu kwenye simu: faida ikifika nusu ya malipo niliyopokea, siku zikibaki 21, delta ikifika 0.35. Ya siku ni rahisi, ni hesabu ya kalenda tu. Naiweka kwa sababu karibu na mwisho wa muda delta hubadilika haraka zaidi hisa ikiwa karibu na hiyo 92.

Ya faida inadanganya watu wengi. Nusu ya 1.30 ni 0.65. Tuseme wanunuzi wanatoa 0.50 na wauzaji wanataka 0.80. Katikati ni 0.65, arifa inalia, unafurahi. Lakini ukinunua papo hapo ili ufunge, unalipa 0.80. Faida yako ni 0.50, si nusu, ni kama asilimia 38. Pimeni kwa bei ya wauzaji. Na dakika za kwanza baada ya soko la New York kufunguliwa, msiziamini: pengo la bei huwa pana.

Sasa delta, ambayo ndiyo iliyoniumiza. Jioni moja hisa yangu ilishuka sana na simu haikulia. Nilidhani kuna usalama. Kumbe data ya delta ilikuwa imekatika, programu ikapokea `nan`, yaani kitu kisicho namba, na kwenye lugha ya Python `nan >= 0.35` inajibu `False`. Programu iliona hakuna tatizo. Tangu siku ile naandika hivi:

```python
if math.isnan(delta) or abs(delta) >= 0.35:
    tuma("Angalia delta")
```

Hiyo `abs` ipo kwa sababu delta ya opsheni ya aina hii huletwa ikiwa hasi, -0.20. Ukiisahau, -0.40 haitavuka 0.35 kamwe.

Delta ikichezacheza kati ya 0.34 na 0.36, simu italia kila dakika, na mwisho utaizima. Kwa hiyo arifa ikishalia, iache ilale mpaka delta irudi chini ya 0.30, ndipo iamke tena.

La mwisho: programu yenyewe inaweza kufa. Yangu hunitumia ujumbe kila soko linapofunguliwa, saa 10:30 jioni kwetu, au 11:30 Marekani wakirudisha saa nyuma. Ujumbe usipofika, nafungua kompyuta na kuangalia mikataba kwa macho yangu.