Niambie Kama Kontena Limetoka

Asalaam aleikum, na wasiosalimiwa hivyo hamjamboni. Tafadhali yule aliye karibu na dirisha alifungue kidogo, feni hii inazungusha joto tu.

Nianze na shemeji yangu. Ana ghala dogo Shimanzi, na siku moja alikuwa anangoja kontena la matairi litoke bandarini Kilindini. Saa tatu asubuhi akamwandikia dereva ujumbe: "Niambie kama kontena limetoka." Akaita vibarua sita, wakaketi kungoja. Saa sita ikapita, wakanywa chai. Saa nane, chai ya pili. Saa kumi shemeji akapiga simu amekasirika: mbona hunijibu? Dereva akajibu kwa utulivu kabisa: "Halikutoka, bosi. Sasa ningekwambia nini?"

Mnacheka, lakini nataka mniambie nani alikosa. Mimi nasema hakuna. Dereva alitii agizo neno kwa neno.

Tazameni sentensi yenyewe. "Niambie" ni kitenzi chenye njaa: kinataka kitu cha kuambiwa. Ningesema "niambie habari", njaa ingeshibishwa na nomino moja, "habari". Badala ya nomino hiyo naweza kuweka sentensi nzima yenye kitenzi chake, "kama kontena limetoka", ikakaa palepale ikawa shamirisho. Hicho ndicho kishazi ninachokizungumzia leo: kishazi tegemezi kinachokalia kiti cha nomino. Shemeji alikiweka kwenye kiti hicho. Alitaka jibu, ndiyo au bado.

Dereva alikiona kimekaa kiti kingine. Kwake "kama kontena limetoka" ni sharti la kuambia: ikiwa limetoka, niambie, ikiwa halikutoka, nyamaza. Maneno ni yaleyale, mpangilio uleule, na hakuna hata kituo cha kuwatenganisha.

Sasa, tutajuaje kishazi cha "kama" kimekaa kiti gani? Kuna njia moja ninayoiamini kuliko zote, nayo ni -ki-. Ondoa "kama", mpe kitenzi -ki-, kisha sikiliza. "Kama mvua itanyesha, hatutavuka Likoni" inageuka "Mvua ikinyesha, hatutavuka Likoni", na maana imesalia. Basi hilo lilikuwa sharti. Jaribu na "Sijui kama atakuja". "Sijui akija." Mmesikia? Imevunjika. "Muulize kama amekula" ukiigeuza "Muulize akila", haikuvunjika ila imehama: sasa nimekwambia umuulize wakati anatafuna. Silabi ya -ki- inabeba sharti na wakati, lakini haibebi swali kamwe. Ndiyo maana inafaa kuwa kipimo.

Ujumbe wa shemeji unapita kwenye kipimo hiki ukiwa mzima: "Kontena likiwa limetoka, niambie." Lakini kishazi chake kinakubali pia kuwa swali. Sentensi kama hiyo haiponywi kwa kipimo, inaponywa kwa kuandikwa vizuri. Ukitaka swali, lifunge mkia: "Niambie kama kontena limetoka au bado." Angalieni kwamba nimesema "au bado", sikusema "au la". Kitenzi chenye -me- kinaulizwa kwa "bado", kwa sababu tunatarajia jambo litafika tu, kama tunavyouliza "umekula au bado?" Kwa "atakuja" tunasema "au la", au "au haji". Na ukitaka sharti tupu, andika "Kontena likitoka, niambie", hapo hakuna wa kukuuliza mara mbili.

Kuna vitenzi visivyoleta shida hii. "Nipigie simu kama limetoka" haina utata, maana "simu" imekwisha kukalia kiti cha shamirisho. Kishazi hakina pa kukaa ila kwenye sharti. Upande wa pili, "jua" na "uliza" hupenda kukivuta kishazi kiwe swali. Wanaotutesa ni wale wa katikati: ambia, julisha, andikia. Bahati mbaya ndio tunaowatumia kwenye simu kutwa nzima.

Nikiwa hapohapo bandarini, chukueni kitenzi kingine, "hakikisha". Karani mmoja anamwambia mlinzi wa geti: "Hakikisha kama sili ya kontena ni nzima." Mwingine anasema: "Hakikisha kwamba sili ya kontena ni nzima." Wa kwanza anataka mlinzi aende atazame, akirudi na habari kwamba sili imekatwa, kazi yake ameifanya. Wa pili anataka sili iwe nzima, na ikiwa imekatwa mlinzi ana la kujibu. Tofauti yote imo kwenye kiunganishi. "Kwamba" hukipa kishazi uzito wa jambo linalodaiwa kuwa hivyo. "Kama" hukiacha wazi. Si ajabu: "kwamba" limetoka kwenye kitenzi cha zamani, kuamba, yaani kusema, ambacho washairi wa kale wa Kimvita walikitumia bila kuhitaji kamusi.

Kishazi hicho kinaweza kuwa kiima pia, ila Kiswahili hakipendi kuanza na mzigo. "Kama kontena limetoka haijulikani" si kosa, lakini sikio linataka "Haijulikani kama kontena limetoka". Kitenzi kinatangulia na kiambishi i-, kishazi kinafuata nyuma. Inasemekana kwamba, imenishangaza kwamba, yaonekana kwamba. Kikitangulia, kwa kawaida hupenda "ni" au "si", ambazo hazihitaji upatanisho: "Kwamba dereva alitii ni kweli."

Na maneno ya kuuliza? Hayahami. "Alikwenda wapi?" likiingia ndani ya sentensi linabaki "Sijui alikwenda wapi", au kwa urejeshi, "Sijui alikokwenda". Hapo nina onyo moja tu. "Najua ni nani aliyefungua kontena" maana yake nina jina lake kichwani, huenda sijawahi kumwona. "Namjua aliyefungua kontena" maana yake nafahamiana naye. Ile -m- imegeuza kishazi kutoka jibu la swali kikawa mtu mwenye miguu. Ukiwa unaandika taarifa polisi, chunga -m-.

Naona mzee ameinua mkono. Karibu, mzee wangu.

Anauliza: "Mwalimu, sisi Mji wa Kale twasema 'nalimwambia kama siji', na 'sikujua kama ni wewe'. Hapo pana swali gani?"

Ahsante, mzee, na nilikuwa namngoja atakayeniuliza. Hapana swali. Ukimwambia mtu mlangoni "sikujua kama ni wewe", ni yeye na unamwona. Katika mazungumzo ya pwani "kama" hufanya pia kazi ya "kwamba", na wanaoiita kosa hawajakaa barazani. Msikilizaji hutofautisha kwa kitenzi na kwa hali: "sikujua kama ni wewe" mbele ya mtu ni kwamba, "sijui kama ni yeye" ukichungulia dirishani ni swali. Mtihanini mwambie mwanafunzi aandike "kwamba" asipoteze alama.

"Na yule dereva," mzee anauliza tena, "alilipwa siku ile?"

Alilipwa. Vibarua ndio waliolipwa nusu, na hadi leo shemeji yangu huandika "au bado" hata anapouliza kama chakula kiko tayari.