Naomba, Unaweza na Ungenitumia: Kuomba kwa Baruapepe bila Kuamuru wala Kujikunyata

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kunikaribisha. Nitawasomea baruapepe moja tu, fupi, kisha tuipasue pamoja, maana karibu kila shida ya kuomba kwa maandishi imo ndani yake.

Nilikuwa nafasiri barua za mradi mmoja hapa Tanzania. Meneja alikuwa Mwingereza, mtu mpole sana, na mhasibu wa kituo cha mkoani alikuwa mama mmoja makini, ambaye leo tutamwita Rehema. Meneja aliandika hivi:

"Hi Rehema, could you send me the August receipts by Thursday? I'd be grateful if you would also check the fuel claims. You may want to call the driver first. Thanks."

Kwa Kiingereza hiyo ni barua ya mtu mstaarabu, haina amri hata moja. Mimi, kwa haraka ya siku ile, nikaigeuza neno kwa neno:

"Habari Rehema, unaweza kunitumia risiti za Agosti kabla ya Alhamisi? Ningeshukuru kama ungeangalia pia madai ya mafuta. Unaweza kutaka kumpigia dereva kwanza. Asante."

Jibu lilikuja mchana uleule: "Naweza. Kwani kuna mwezi nilishindwa?"

Jibu hilo lilinikaa kooni, kwa sababu kosa lilikuwa langu na lawama ilimwendea meneja. Basi tuanze na hapo, kwenye "unaweza".

Mwingereza anaposema "could you send", hamuulizi mtu uwezo wake. Swali limegeuka kuwa mlango: anamwachia mwenzake nafasi ya kukataa, ijapokuwa wote wawili wanajua hatakataa. Adabu iko kwenye ile nafasi. Kiswahili hakikuweka adabu yake hapo. "Unaweza" bado ina uzito wake wa asili, ni neno la nguvu na ujuzi. Ukimwuliza mhasibu wa miaka mingi kama anaweza kutuma risiti, umemtilia shaka. Najua vijana ofisini wameanza kuizoea, na kati ya wenzi wa rika moja inapita bila madhara. Lakini ukimwandikia mkubwa wako, au mtu ambaye kazi hiyo ndiyo ujuzi wake, inachoma.

Kiswahili kinasema "naomba". Angalia uzito umehamia wapi: umetoka kwa yule anayeambiwa ukaja kwangu mimi. Mimi ndiye mwenye haja, mimi ndiye ninayejishusha kidogo. Halafu kitendo chake kinakuja kwa umbo lenye "e" mwishoni: "naomba unitumie". Kwa kazi za kila siku, hicho ndicho kipimo sawa cha "could you send me". Wala si kubembeleza. Watu husema "naomba maji" dukani wakiwa na pesa mkononi.

Wengine wataniuliza, na "tafadhali" je? Neno hili lilitoka Kiarabu, na kwao mara nyingi ni la kukaribisha: tafadhali keti, tafadhali pita, chukua. Kwetu limekuwa la kuombea, lakini likikaa peke yake mbele ya kitenzi cha amri lina sauti ya kibao cha ukutani. "Tafadhali tuma risiti" ni ndugu wa "Tafadhali usikanyage majani". Linafaa kwenye tangazo la watu wote. Kwa mtu mmoja unayemjua, ni la baridi. Hapa nakiri kwamba desturi hutofautiana: jirani zetu wa Nairobi huandika "nitumie ile ripoti tafadhali" na hakuna anayekunja uso, wakati Dar es Salaam au Zanzibar mtu angeisoma mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwandishi, tazama anatoka wapi.

Sasa njoo kwenye sentensi ya pili, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. "Ningeshukuru kama ungeangalia." Sarufi yake haina kasoro. Lakini sikilizeni jinsi tunavyotumia "unge" katika maisha. "Ungeniambia mapema!" "Ungekuja jana bwana!" Hilo ni lawama. Tukimwambia mtu "ungefanya", mara nyingi tunamaanisha hakufanya na alitakiwa kufanya. Ana kwa ana, sauti inaweza kulainisha, ukasema "ungenisaidia kidogo" kwa tabasamu na ikaeleweka. Kwenye baruapepe sauti haipo. Rehema alisoma kwamba madai ya mafuta hakuyaangalia, na kwamba meneja ameshaona.

Hii haimaanishi tuikimbie "nge". Tatizo ni mahali inapokaa. Ikikaa juu yangu, "ningeomba", ni laini, tena inafaa sana kwa ombi zito au kwa mtu wa cheo. Ikikaa juu ya jambo, "ingefaa", "ingesaidia", haimgusi mtu. Ikikaa juu ya "u", inauma. Hivyo "I'd be grateful if you would" naifasiri "nitashukuru ukiyaangalia", au kwa barua rasmi zaidi, "nitashukuru endapo utayaangalia". Ile "ki" haina kumbukumbu ya kosa lolote, inatazama mbele.

Njia hiyohiyo inatibu swali la uwezo pia. Kama kweli hujui kama jambo litawezekana, liulize jambo, usimwulize mtu: "Ikiwezekana, naomba unitumie leo." Sasa kama haitawezekana, basi ni hali, si yeye aliyeshindwa.

Sentensi ya tatu naipitia haraka. "You may want to call" si habari ya kutaka. Ni ushauri uliofunikwa, na ukitoka kwa meneja una nguvu zaidi ya unavyoonekana. "Unaweza kutaka kumpigia" si Kiswahili cha mtu yeyote. Sema "nadhani ingefaa umpigie".

Kuna na kosa jingine dogo pale, ambalo si la adabu lakini huishia kwenye ugomvi wa adabu. "By Thursday" inaihesabu Alhamisi yenyewe. "Kabla ya Alhamisi" inakwisha Jumatano usiku. Nilimnyang'anya mama wa watu siku nzima, na tarehe ya mwisho iliyobana ndiyo inayofanya hata "naomba" isikike kama amri. Andika "si zaidi ya Alhamisi jioni", kisha toa sababu. Sababu inafanya kazi kubwa kuliko "tafadhali" tatu, kwa kuwa inamwonyesha mtu kwamba haraka imetoka kwenye kazi, haikutoka kwenye ukubwa wako.

Hivi ndivyo ningeiandika leo:

"Dada Rehema, habari za kazi? Poleni na majukumu. Ijumaa nafunga hesabu, hivyo naomba unitumie risiti za Agosti, zinifikie si zaidi ya Alhamisi jioni. Uyapitie pia madai ya mafuta. Nadhani ingefaa umpigie dereva kwanza. Asante sana."

Tazameni mambo mawili. Kwanza, "naomba" iko mara moja tu. Kuna wanaoirudia kila sentensi wakidhani wanaongeza heshima, na barua inakuwa ya mtu anayelia. "Uyapitie" inabebwa na "naomba" ya mwanzo, haihitaji nyingine. Pili, sababu imetangulia ombi, na salamu imetangulia vyote. Barua ya Kiingereza iliingia na ombi kwenye mstari wa kwanza na haikumkosea mtu. Kwetu ombi lisilo na salamu ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi, hata uwe na "naomba" za dhahabu.

Tugeuze sasa, kutoka kwetu kwenda kwao. Rehema aliwahi kumwandikia meneja: "Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nimepata msiba nyumbani, hivyo naomba uniidhinishie siku 3 za ruhusa kuanzia Jumatatu. Natanguliza shukrani."

Ukiandika "I beg you to approve", umemfanya mhasibu mwenye heshima zake apige magoti. Ukiandika "I request you to approve", umemvalisha joho la mahakama. Na "kindly approve", ambayo ofisi zetu za Afrika Mashariki zinaipenda sana kwa kuwa tunaisikia kama "naomba", kwa Waingereza wengi inasikika kama agizo lililovaa tai. Kumbuka bado kuna amri ndani yake: "approve".

Mimi niliandika "There has been a death in my family. Could I please take three days' leave from Monday?" Hapo mtendaji amebadilika. Kwa Kiswahili Rehema alimwomba meneja atende, "uniidhinishie". Kwa Kiingereza anaomba kutenda yeye, "could I take". Bila kubadilisha mtendaji, Kiingereza kingebaki kinamwelekezea bosi la kufanya. Shikamoo haina mwenzake, nikaiacha. Huwezi kuibeba, na ukiilazimisha itakuwa kichekesho juu ya msiba. "Natanguliza shukrani" nayo ni heshima tupu kwetu, lakini "thanking you in advance" inaweza kusomwa kama kwamba umeshamwamulia atakubali. "Many thanks" inatosha.

Nimalizie na ukumbusho, maana Alhamisi ilipita na risiti hazikuja. Meneja akataka kuandika "just a gentle reminder". Hapa Kiswahili kina ustadi ambao nafurahi kila ninapoutumia. "Nakukumbusha" ina "ku", inamnyooshea mtu kidole: wewe umesahau. "Nakumbushia" inamwondoa mtu, linabaki jambo peke yake. Kisha kuna "zile", ya vitu ambavyo mimi na wewe tunavijua, tumeshavizungumza, havina haja ya kuelezwa upya.

"Dada Rehema, habari za leo? Samahani, nakumbushia zile risiti za Agosti."

Zilifika saa tisa alasiri, zimepangwa kwa tarehe.