Siku ya kutimiza miaka saba haibadilishi kitu

Ndaga fijo kwa kunikaribisha. Mwaka wa kumi na moja sasa nafanya kazi ya uwakili hapa Mbeya, na kuna sentensi moja ambayo nadhani nimeisikia kila wiki: "Mwanasheria, mtoto akifikisha miaka saba si anarudi kwa baba yake?" Wanaiuliza akina baba kwa matumaini, na akina mama kwa hofu. Leo nataka tuichambue hiyo tu, kisha tuone na hela za matunzo, maana viwili hivi havitengani.

Hiyo miaka saba imetoka kwenye kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Pale imeandikwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, ila anayepinga anaweza kuleta ushahidi wa kuonyesha vinginevyo. Basi, imeishia hapo. Hakuna mstari unaosema akitimiza saba apelekwe kwa baba. Kinachotokea siku hiyo ni kwamba ile nafuu ya mama inaondoka, na wazazi wote wawili wanasimama sawa mbele ya hakimu. Hilo la "kurudi kwa baba" ni la mila zetu: mahari imetolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa baba. Sheria haikuzitupa mila. Imezitaja kabisa, pamoja na matakwa ya wazazi na matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza. Lakini vyote hivyo imevipanga chini ya ustawi wa mtoto. Mila ikigongana na ustawi wa mtoto, mila inakaa pembeni.

Nichukue mfano. Nimeutunga kutokana na mambo ninayoyaona, kwa hiyo asitafutwe mtu. Mume na mke waliishi Uyole. Mume ana hisa ya nusu kwenye Fuso inayobeba viazi kwenda Dar es Salaam, na yeye ndiye dereva. Mke anauza mboga Mwanjelwa. Wameachana, mke amepanga vyumba viwili Ilomba na watoto wote wawili: binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita na miezi minane. Mwezi Januari baba alikuja kumtembeza binti, akampeleka moja kwa moja Tukuyu kwa bibi yake na kumwandikisha shule huko. Mwezi Aprili akafungua shauri: binti abaki Tukuyu, na kijana naye akitimiza saba mwezi Agosti amfuate dada yake.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko watu wanavyodhani. Alisema binti ameshazoea Tukuyu, msimsumbue. Ni kweli sheria inataka maisha ya mtoto yasivurugwe kwa kumhamisha hamisha. Sasa hakimu anauliza: ni mazoea ya muda gani, na nani aliyeyatengeneza? Miaka minane na nusu binti aliishi na mama yake. Miezi mitatu ya Tukuyu imetokana na baba kumchukua bila makubaliano. Mahakama ikihesabu miezi hiyo kama uthabiti, itakuwa inawafundisha wazazi wote wa Mbeya kwamba mwenye kukimbia na mtoto kwanza ndiye mshindi.

Hoja ya pili ni dada na kaka wakae pamoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema inafaa ndugu wasitenganishwe, lakini Sheria ya Ndoa nayo inasema ustawi wa kila mtoto upimwe peke yake. Havipingani: hakimu anaanza kwa kupima mmoja mmoja, halafu anaangalia gharama ya kuwatenganisha. Hapa hoja hii ilimgeuka baba, kwa sababu aliyewatenganisha ni yeye.

Ya tatu ndiyo iliyoamua. Mahakama iliagiza taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Afisa alikwenda Ilomba, akaenda na Tukuyu, akazungumza na watoto bila mzazi kuwepo. Mzoefu hamuulizi mtoto "unampenda nani?" Anamuuliza nani anakuamsha asubuhi, ukiugua usiku unamwita nani, nani huja kikao cha wazazi shuleni. Mtoto aliyefundishwa utamjua: anasema "mama hana uwezo wa kiuchumi wa kunilea," maneno ambayo mtoto wa miaka tisa hayatumii. Huyu binti aliyasema hayo hayo mwanzoni. Alipoulizwa mambo ya kila siku, ikaonekana bibi ndiye anayelea. Baba hupita Tukuyu siku mbili tatu kwa mwezi, kati ya safari na safari. Kumbe ombi la baba lilikuwa ni la bibi kupewa mtoto, na sheria inamweka ndugu mwingine mbele ya mzazi pale tu ambapo kuna sababu za pekee za kutowapa wazazi wenyewe. Kuuza mboga si sababu ya pekee. Watoto wote wakabaki kwa mama, baba akapewa nusu ya kila likizo na wikiendi anazokuwa mjini. Mwezi Agosti ukafika, ukapita.

Tuje kwenye matunzo. Hakuna asilimia maalumu ya mshahara iliyoandikwa kwenye sheria zetu, ingawa watu wanapenda kuitaja. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mama aliomba 400,000 kwa mwezi bila mchanganuo wowote, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Tukakaa naye tukaandika: chakula 120,000, sehemu ya kodi 40,000, michango na mahitaji ya shule 45,000, nguo na viatu 25,000, matibabu 30,000. Jumla 260,000.

Baba alisema anapata 300,000. Kadi ya gari ilionyesha umiliki, na taarifa ya miamala ya simu yake ilionyesha fedha za mizigo zinazozidi hapo kwa mbali. Lakini ana mtoto mchanga kwa mke mpya, na huyo naye anakula, hakimu hakumsahau. Amri ikawa baba alipe 170,000 kwa mwezi, mama ajazie 90,000 kutoka mbogani. Zilipwe kwa simu, ili kumbukumbu ibaki. Yale magunia mawili ya viazi aliyodai alipeleka hayakuhesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika popote.

Niseme na hili haraka: kuomba malezi au matunzo hakuhitaji talaka wala cheti cha ndoa. Talaka inapita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Ombi la mtoto linaweza kwenda moja kwa moja Mahakama ya Watoto.

Kuna mzee ameuliza pale nyuma, asante baba: "Akininyima kuwaona watoto, nisitishe hela?" Hapana. Hela ni ya mtoto, na kumuona mzazi wake pia ni haki ya mtoto, kwa hiyo huwezi kulipiza kimoja kwa kingine. Endelea kulipa, andika tarehe ulizofika ukakuta mlango umefungwa, kisha rudi mahakama ile ile iliyotoa amri uombe itekelezwe. Na mama naye asipolipwa, asifunge mlango. Aende mahakama hiyo hiyo na taarifa ya miamala mkononi. Kama kweli gari limeuzwa na kipato kimeshuka, omba amri ibadilishwe mapema, kabla deni halijafika miezi sita.