Inua Glasi, Pombe Iache

Ndugu zangu, nitazungumzia dakika moja tu ya chakula cha jioni cha kibiashara: pale mwenyeji anaposimama, glasi mkononi, kuwatakia heri wageni wake, na wewe hutumii pombe.

Mwenyeji anapofanya hivyo anakupa vitu viwili kwa mpigo, kinywaji na heshima. Kinywaji unaweza kukikataa. Heshima ipokee yote, tena waziwazi. Ukibaki umekaa, mikono mapajani, yeye haoni mtu asiyekunywa. Anaona mtu aliyejitenga na meza yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ifanyike mapema. Mchana wake mpigie anayeandaa shughuli: "Mimi situmii pombe, naomba glasi yangu iwe na maji ya gesi au juisi, hakuna haja ya kingine." Ukichelewa kupiga, mwambie mhudumu pembeni kabla ya kukaa. Glasi tupu ndiyo inayoita chupa. Chupa ikikufikia hata hivyo, usiifunike glasi kwa kiganja wala kuigeuza kichwa chini, maana kitendo hicho kinaonekana hadi mwisho wa meza. Sema taratibu, "Asante, mimi niko na hii."

Sababu usizitoe. Naliweka hili kwa uzito, kwa kuwa hapa ndipo watu wema wanapowaumiza wenyeji wao. Ukianza kueleza pombe inavyoharibu ini, aliyeshika glasi anajiona yuko kizimbani. Wala usisingizie dozi ya dawa: mkikutana tena utaulizwa kama umeshapona, na mshirika wa biashara akikukamata na uongo mdogo ataanza kuutilia shaka hata mkataba.

Sasa tuseme mwenyeji anasisitiza: "Hata funda moja, kwa ajili ya mkataba wetu!" Mara nyingi anayesisitiza anaogopa kwamba hajakukirimu vya kutosha. Simama, inua glasi yako, mtazame usoni: "Mzee wangu, mimi situmii, lakini heri hii naipokea kwa moyo wote. Kwa mkataba wetu, na kwa vijana wako waliokesha kuukamilisha." Gonganisha glasi, kunywa funda, kisha mwombe: "Hebu nichagulie wewe juisi ya kuongeza." Umempa nafasi ya kukukirimu, na kwa kuwataja vijana wake ameona macho yako yako kwao, hayako kwenye chupa.

Akirudia tena, rudia sentensi ile ile kwa tabasamu lile lile. Sababu mpya ni kufungua mjadala. Na usiondoke mapema. Wenzako wakiagiza tena, nawe agiza chako.

Zamu yako ya kukaribisha ikifika, waulize wanapenda mvinyo gani, uwaagizie, na wewe uwe wa kwanza kusimama na glasi yako ya maji.