Faili Asilia Lisifutwe Mapema

Ndugu zangu wenye studio, nimeombwa nizungumzie barua niliyomwandikia kijana anayetutengenezea programu ya kubana video za harusi kila usiku. Nitakaa zaidi kwenye sharti moja: ni lini faili asilia linaruhusiwa kufutwa.

Kamera zetu hurekodi megabiti 28 kwa sekunde. Saa moja ni gigabaiti 12.6, na harusi ya saa 6 kwa kamera 3 inakaribia gigabaiti 227. Diski haziwezi kumudu hivyo kila wikendi. Amri yenyewe ya kubana ni fupi:

```
ffmpeg -nostdin -y -i nikahi.MTS -c:v libx264 -crf 21 -c:a aac kazi/nikahi.mp4
```

Namba ya `crf` ikipanda, faili linapungua na ubora unashuka. Nilichagua 21 baada ya kutazama watu wakicheza chini ya taa hafifu za ukumbi, maana kwenye giza ndiko picha huanza kuchakaa. Saa ya kuanza niliandika 01:00. Msiandike "saa 7 usiku", kompyuta haihesabu kama sisi.

Sasa sharti lenyewe. Programu yetu ya kwanza ilifuta faili asilia mara tu `ffmpeg` ilipomaliza bila kosa. Usiku mmoja tulikuwa bado tunanakili kutoka kwenye kadi, na kipande cha dakika 18 kilikuwa kimefika dakika 7. Faili la MTS lililofika nusu hufunguka bila shida yoyote. Programu ikabana zile dakika 7, ikaona kazi imekwisha, ikafuta. Asubuhi tukasafisha kadi. Dua ya babu wa bibi harusi ilikuwa ndani ya zile dakika 11, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nikaandika hivi. Folda isiguswe mpaka aliyenakili aweke ndani yake faili tupu liitwalo `TAYARI`. Video mpya iandikwe kwanza kwenye folda ya `kazi`, kwa sababu umeme ukikatika katikati, MP4 iliyoachwa njiani huwa haifunguki. Baada ya hapo programu ipime upya urefu wa faili zote mbili:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 nikahi.MTS
```

Tofauti ikizidi sekunde 1, faili asilia libaki na jina lake liingie kwenye ripoti. Zikilingana, lihamishiwe kwenye folda ya kusubiri kwa siku 14, ndipo lifutwe. Ripoti ije kwenye simu yangu kila asubuhi, hata kama hakuna kilichobanwa, maana simu ikikaa kimya nitajua programu haikuendeshwa.

Malipo ya mwisho niliyafunga na jaribio moja: achomoe waya wa umeme mbele yangu kazi ikiendelea, awashe tena, kisha tuhesabu pamoja faili asilia zilizobaki.