Tangazo limechoka, au tatizo liko kwingine?

MWAJUMA: Karibuni tena kwenye kipindi, tuko hapa hapa Tabora. Leo tunalishika tangazo lililokuwa likileta wateja vizuri, halafu bila mtu kuligusa likaanza kula hela. Mfano wetu ni mmoja mwanzo hadi mwisho: muuzaji wa asali wa Tabora mjini. Anatangaza Facebook na Instagram, na anayebonyeza tangazo anaingia WhatsApp kuuliza bei. Kaka Shabani, tupe namba.

SHABANI: Namba ni za mfano, dada, ila mwendo wake ndio huo huo utakaoukuta kwenye akaunti yako. Bajeti ni shilingi 15,000 kwa siku, kwa hiyo 105,000 kwa wiki. Wiki ya kwanza tangazo limeonyeshwa mara 42,000 kwa watu 24,000, na watu 150 wameanzisha mazungumzo. Kila mmoja amegharimu shilingi 700. Wiki ya pili, kwa hela ile ile, wameandika watu 105, kila mmoja shilingi 1,000. Wiki ya tatu wamebaki 70, na bei imefika 1,500.

MWAJUMA: Zaidi ya maradufu. Wengi hapo wanasema Facebook imepandisha bei.

SHABANI: Ndiyo maana tusikimbilie kuhukumu. Fungua Ads Manager, chagua siku 21 zilizopita, kisha ubonyeze `Breakdown`, `Time`, `Week`. Ukiangalia jumla tu, wiki nzuri inaificha wiki mbaya. Ukishazitenganisha, angalia safu ya `Frequency`, ndiyo marudio, yaani mtu mmoja ameliona tangazo mara ngapi kwa wastani. Ni mara lilizoonyeshwa gawa kwa watu waliofikiwa. Wiki ya kwanza ni 1.75. Wiki ya pili limeonyeshwa mara 40,400 kwa watu 17,000, ni kama 2.4. Wiki ya tatu mara 37,500 kwa watu 11,700, ni 3.2.

MWAJUMA: Na hapo msikilizaji asijumlishe wale waliofikiwa wiki tatu akasema amewafikia watu 52,700. Mtu aliyeliona wiki ya kwanza na ya tatu ni yule yule mmoja. Jumla ya kweli unaipata pale unapoondoa mgawanyo wa wiki, na inaweza kuwa watu 31,000 tu.

SHABANI: Na mji ni huu huu. Ukichora duara kuzunguka Tabora mjini, wenye simu wanaoingia Facebook wana kikomo. Mtambo wa Facebook huanza na wale wanaoelekea kubonyeza. Wakishapita, unarudi kwao au unashuka kwa wasiojali asali. Tangazo lile lile Dar es Salaam lingekaa muda mrefu zaidi kabla ya kufika hapo.

MWAJUMA: Sasa, 3.2 ndiyo kusema limechoka?

SHABANI: Hapana. Marudio peke yake si ushahidi. Mtu aliyeshawahi kununua asali kwako anaweza kukumbushwa mara tano kwa wiki asikereke, wakati asiyekujua anachoka mapema. Halafu huo ni wastani: ndani ya 3.2 kuna aliyeliona mara moja na kuna aliyeliona mara tisa. Marudio yanakuambia uangalie, hayakuambii ukate.

MWAJUMA: Basi ushahidi uko wapi?

SHABANI: Ivunje ile bei ya 1,500 vipande vitatu. Cha kwanza ni `CPM`, gharama ya kuonyeshwa mara elfu moja. Cha pili ni asilimia ya wanaobonyeza, `CTR (link click-through rate)`. Cha tatu, kati ya waliobonyeza, wangapi wameandika ujumbe. Hicho cha tatu unakipata kwa kugawa mwenyewe.

MWAJUMA: Twende na kimoja kimoja.

SHABANI: Gharama ya maonyesho elfu imetoka 2,500 wiki ya kwanza hadi 2,800 wiki ya tatu. Imepanda, ila ni asilimia 12 tu, na hiyo haiwezi kugeuza 700 kuwa 1,500. Wanaobonyeza wametoka asilimia 1.5 hadi 1.1, kisha 0.7. Hapo ndipo pameanguka, zaidi ya nusu. Sasa angalia waliobonyeza: wiki ya kwanza walikuwa 630, wakaandika 150, sawa na asilimia 24. Wiki ya tatu wamebonyeza kama 262, wameandika 70, asilimia 27.

MWAJUMA: Kwa hiyo anayeingia bado anaitaka asali.

SHABANI: Umeona? Bei haijamkimbiza, na anajibiwa. Kilichokufa ni mlango, ile picha na maneno yake ya mwanzo. Huko ndiko kuchoka kwa tangazo: marudio yanapanda, kubonyeza kunashuka, ila kinachofuata baada ya kubonyeza kiko pale pale.

MWAJUMA: Tugeuze basi. Wabonyezaji wako asilimia 1.5 ile ile, lakini wanaoandika wameshuka kutoka asilimia 24 hadi 12.

SHABANI: Usiguse picha. Nenda kwenye simu ya duka. Labda ujumbe unakaa saa sita bila jibu, labda bei imepanda na tangazo bado linaonyesha ya zamani, labda ndoo zimeisha. Ukitengeneza video mpya hapo, umeongeza foleni ya watu wasiojibiwa. Na kama wanaobonyeza wako sawa, wanaoandika wako sawa, lakini `CPM` imeruka kwa matangazo yako yote siku zile zile, huo ni mnada wa nafasi za matangazo. Watangazaji wameongezeka, kama inavyotokea kuelekea mwisho wa mwaka.

MWAJUMA: Ila hata tangazo lililochoka linapandisha `CPM` kidogo, kama ile 2,800. Kwa nini?

SHABANI: Kwa sababu mnada wa Meta hauangalii dau peke yake. Unakadiria pia uwezekano wa mtu kufanya unachotaka, pamoja na ubora wa tangazo. Watu wakilipita bila kuligusa, au wakilificha, makadirio yanashuka, na nafasi ile ile unailipia zaidi.

MWAJUMA: Kuna maandishi yanayotokea kwenye safu ya `Delivery`. Tuyategemee?

SHABANI: Yapo mawili. `Creative limited` maana yake gharama ya kila tokeo imezidi ile ya matangazo yako ya nyuma, ila haijafika mara mbili. `Creative fatigue` ni pale inapofika mara mbili au zaidi. Yanasaidia, lakini ukisubiri la pili, muuzaji wetu ameshachomwa wiki mbili. Mimi napenda kuweka mstari kwenye 1.3. Chukua bei ya wiki nzuri, zidisha kwa 1.3: 700 inakuwa 910. Wastani wa siku tatu mfululizo ukivuka 910 huku kubonyeza kukishuka, tangazo limeanza kuchoka.

MWAJUMA: Siku tatu, si moja.

SHABANI: Siku moja ni kelele. Watu 15 wakiandika leo na 9 kesho, bei inaruka bila sababu ya maana.

MWAJUMA: Haya, limechoka. Kosa ninaloliona sana ni kubadilisha rangi ya maandishi na kusogeza nembo, halafu mtu anasema ameweka tangazo jipya.

SHABANI: Kwa anayepitisha kidole hilo ni lile lile. Kinachotakiwa kubadilika ni sekunde mbili za mwanzo na sababu ya kusimama. Kama la kwanza lilikuwa picha ya chupa na bei, la pili liwe video ya mzinga ukifunguliwa porini kwenye miombo. La tatu lijibu swali ambalo wateja huuliza kila siku: mbona asali imeganda, ina sukari? Mwonyeshe asali iliyoganda, umwambie kuganda ni tabia ya asali halisi pia, na ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu inalainika. Tafadhali tu, tuache kile kipimo cha njiti ya kiberiti, hakithibitishi chochote.

MWAJUMA: Maswali ya wateja yako WhatsApp tayari. Huhitaji kubuni.

SHABANI: Bei na vipimo, nusu lita na lita, viache vilevile. Ukibadilisha picha na bei kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

MWAJUMA: Sasa kuingiza. Naona watu wanafungua tangazo la zamani na kubadilisha picha humo humo.

SHABANI: Hapo utapoteza maoni na laiki zilizokuwa zimekusanyika. Ongeza tangazo jipya ndani ya seti ile ile ya matangazo, la zamani liache kwanza. Kumbuka kuongeza tangazo kunairudisha seti kwenye hatua ya kujifunza, yaani kutafuta upya wa kumwonyesha, na mtambo unahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili utulie. Ukiwa bado unapata mazungumzo 105 kwa wiki, 50 unazifikisha ndani ya siku tatu au nne. Ukisubiri hadi 70, ni siku tano. Ndiyo maana hatuongezi picha moja kila siku: kila unapogusa, unaanza upya. Ingiza mbili au tatu kwa mkupuo, kisha utulie.

MWAJUMA: Na mtambo ukiendelea kulilisha la zamani, jipya likaonyeshwa mara 200 tu?

SHABANI: Inatokea sana. Kama la zamani limeshavuka mstari wa 910, lizime, hela ihamie kwa mapya. Kulinyima jipya nafasi halafu kusema limeshindwa si haki.

MWAJUMA: Tupange kalenda. Huyu wa asali aanze lini kutengeneza?

SHABANI: Anahesabu kurudi nyuma. Tuseme tangazo lake huvuka mstari siku ya 12. Kupiga picha na kuhariri ni siku nne, na jipya linahitaji siku tatu za kutulia. Kumi na mbili toa saba, anabaki na siku ya tano. Siku ya tano wakati la sasa bado linauza vizuri, ndipo anaenda kupiga picha. Siku ya tisa anaingiza.

MWAJUMA: Akiongeza bajeti iwe 30,000?

SHABANI: Mji haukui kwa sababu amepata hela. Umri wa tangazo unaweza kupungua karibu nusu, kwa hiyo ile 12 asiitumie tena, apime upya. Au apanue eneo, Urambo, Nzega, Igunga, mradi ana njia ya kufikisha mzigo na nauli haimezi faida. Vinginevyo anapunguza marudio lakini analipia maswali asiyoweza kuyauzia.

MWAJUMA: Na lile la zamani, ndiyo limekufa?

SHABANI: Lihifadhi, usilifute. Kama liliuza kwa 700, baada ya wiki sita au nane unaweza kulirudisha. Ila seti nzima ikilala siku saba au zaidi, ukiiwasha inaanza kujifunza upya, kwa hiyo lilaze tangazo peke yake na seti iendelee. Likirudi na siku tatu za kwanza likakupa 1,300, lizime mapema. Wameshalikariri.

MWAJUMA: Na muda wa kulipima?

SHABANI: Weka tarehe zianze siku uliyoliwasha upya. Ukiacha tarehe za tangu mwanzo, bei nzuri ya zamani itaipunguza hii mpya kwenye wastani, na marudio yatasoma makubwa kuliko yanayotokea sasa.